Rauta ikae wapi? Chora mstari kabla ya kupiga msumari

Fundi wa faiba akija kwako Migosi, Kiamunyi au Kakamega, ana haraka. Waya unaingia kupitia dirisha lililo karibu zaidi na mlingoti wa barabarani, rauta inawekwa juu ya stendi ya tivi, anawasha, anaona taa za kijani, anaondoka. Sebuleni mambo yanakuwa mazuri. Chumba cha kulala cha mwisho kinapata vipande vipande, na kijana anayelala kwenye chumba cha nje ananunua bando kama zamani. Wengi wakifika hapo huanza kuulizia kifurushi cha kasi zaidi. Kifurushi hakiwezi kupenya friji. Kabla ya kulipa zaidi, hamisha rauta.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida ya upande wetu: ya chini, kuta za mawe au matofali ya kuchoma, paa la mabati, milango ya nje ya chuma, na tangi la maji ya mvua lililosimama nyuma ya nyumba. Kazi yote inategemea wazo moja. Vuta mstari ulionyooka kutoka kwenye rauta hadi mahali mtu anapokaa na simu yake, kisha ujiulize mstari huo unapita ndani ya nini. Ukishazoea kuiona hiyo mistari, suala la urefu, la katikati ya nyumba, la chuma na la tangi yanakuwa suala moja.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Vile vijiti vinne vya waifai juu ya simu havitoshi, kwa sababu kila kampuni ya simu huvichora inavyotaka. Weka programu ya WiFiman au WiFi Analyzer kwenye simu ya Android. Itakuonyesha namba yenye alama ya kutoa, kama -55 dBm. Kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwenye -50 uko vizuri sana. Hadi -67 hivi video na simu za video zinaenda bila shida. Ikishuka chini ya -70 utaanza kuona kusitasita, na ikifika -80 simu itakuwa inakatika na kuunganishwa tena. Zingatia kwamba kila namba ikishuka kwa 3, nguvu imepungua nusu, na ikishuka kwa 10 imebaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo tofauti ya -62 na -72 si ndogo hata kidogo.

Mwenye iPhone aazime simu ya Android, maana iPhone haziruhusu programu nyingi kusoma namba hii. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua Command Prompt na uandike:

```
netsh wlan show interfaces
```

Angalia mstari wa Signal. Unatoa asilimia: 100% ni kama -50 dBm au zaidi, na 50% ni kama -75.

Rauta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ya 5 GHz yana kasi lakini huchoka haraka kwenye kuta. Ukiwa unapima, hakikisha simu imeshikilia aina moja tu, vinginevyo itaruka kutoka moja hadi nyingine na namba zako zitakudanganya. Anza na 2.4 GHz, kwa sababu ndiyo inayofika mbali.

Simama kila mahali watu wanapokaa hasa: kochi, kitanda, meza ya mtoto ya kusomea, chumba cha nje. Subiri namba itulie, kisha andika kwenye karatasi yenye ramani ya nyumba uliyoichora kwa mkono. Ukiwa umesimama hapo, fanya jaribio moja: shika simu kifuani ukiwa umeelekea rauta, kisha geuka uipe mgongo. Namba inashuka palepale. Mwili wako ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hula mawimbi ya waifai. Jaribio hilo litakusaidia tukifika kwenye tangi.

Hatua ya 2: Tafuta katikati ya watu

Rauta yenye antena za kawaida hurusha mawimbi pande zote. Ikiwa kwenye kona ya mbele ya nyumba, karibu nusu yake au zaidi inakwenda kumhudumia jirani na mbwa wa getini. Hilo wengi wanalijua. Wanalosahau ni pembe. Ukuta wa sentimita 20 ukipitwa moja kwa moja ni sentimita 20, lakini ukipitwa kwa mshazari wa nyuzi 45 unakuwa kama wa sentimita 28. Rauta iliyo kwenye kona hupita karibu kila ukuta kwa mshazari, na kwa vyumba vya mwisho inapita kuta mbili au tatu namna hiyo. Ndiyo maana kuisogeza mita nne tu hadi kwenye korido kunaweza kubadilisha nyumba nzima.

Katikati ninayoisema haipimwi kwa futi kamba. Ikiwa stoo na gereji ziko upande mmoja na hakuna anayekaa huko na simu, zisahau. Kwenye ramani yako weka alama kwa kila mahali mtu anapotumia mtandao, ukihesabu na chumba cha nje, kisha tafuta mahali ambapo mstari mrefu zaidi ni mfupi iwezekanavyo. Kwenye nyumba nyingi za vyumba vitatu mahali hapo ni korido, juu ya mlango mmojawapo.

Nyumba ya ghorofa ni tofauti kidogo. Slabu ya zege ina nondo ndani, na hupitisha mawimbi kwa shida. Mahali pazuri ni karibu na ngazi, kwa sababu pale slabu imeachwa wazi. Kama rauta ina antena mbili, moja isimame wima na nyingine ulaze: antena huangaza kutoka ubavuni, si kutoka nchani, kwa hiyo ya wima inahudumia ghorofa iliyopo na iliyolala inasaidia juu na chini.

Hatua ya 3: Ipandishe

Mita 1.5 ni mwanzo mzuri, na karibu mita 2 ni bora zaidi. Hapa pia ni mstari tu. Rauta iliyo sakafuni au kwenye stendi ya tivi hurusha mawimbi yake katikati ya makochi, jiko la gesi, friji, mashine ya kufua na miguu ya watu. Ikiwa juu ya fremu ya mlango, mstari unapita juu ya vitu hivyo karibu vyote na kushuka taratibu hadi kwenye simu.

Ila usiipandishe hadi darini. Nimeona mafundi wakiificha juu ya silingi ili isionekane, na kwa Kisumu hilo ni kosa. Chini ya mabati saa nane mchana joto ni kali mno, na rauta nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Ikichemka huanza kujizima na kujiwasha, na mwenyewe atalaumu mtandao. Namna ya kujua: kama waifai inasumbua kila siku mchana wa jua na kutulia usiku, gusa rauta kwanza kabla ya kupiga simu kwa kampuni.

Hatua ya 4: Ondoa chuma kwenye mstari

Chuma hakimezi mawimbi, kinayarudisha. Nyuma ya bati bapa unabaki na kivuli tu. Sehemu mbaya kuliko zote ndani ya nyumba ndiyo hiyo ambayo rauta nyingi zimewekwa, yaani nyuma ya tivi, kwa kuwa tivi ina bati mgongoni na chuma kikiwa karibu na antena huiharibia utendaji wake. Acha angalau nusu mita kati ya rauta na chuma chochote kikubwa: tivi, friji, kabati la chuma, mlango wa nje. Kioo kikubwa cha kujitazamia nacho kihesabu kama chuma, kwa sababu ya ule mpako wa nyuma yake.

Grili za madirisha zinawatia watu hofu bure. Mawimbi ya 2.4 GHz yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, ya 5 GHz karibu sentimita 6. Nondo zilizoachana kwa upana wa kiganja hupunguza kidogo tu. Kinachozuia ni wavu wenye matundu madogo, na hapa kanda ya ziwa tunao wavu mmoja ambao hakuna anayeufikiria: wavu wa mbu dirishani. Ule wa nailoni au faibaglasi hauna neno. Ule wa alumini ni pazia la chuma. Kuutambua ni rahisi: ukunje kidogo pembeni. Ukibaki umekunjika ni chuma, ukirudi ulivyokuwa ni plastiki. Usitumie sumaku, maana alumini haishiki sumaku.

Hatua ya 5: Tangi

Tangi la plastiki likiwa tupu, mawimbi yanapita kama vile halipo. Likijaa maji ni ukuta. Kwa mawimbi ya waifai, sentimita chache tu za maji zinatosha kumaliza sehemu kubwa ya nguvu, na tangi la lita 5,000 lina upana wa karibu mita 1.8. Hakuna kinachotoka upande wa pili. Kinachokufikia nyuma yake ni kile kilichozunguka pembeni au kudunda kwenye ukuta wa jirani. Tangi la bati ni baya hivyo hivyo hata likiwa tupu, kwa sababu ya hatua ya 4.

Lakini si kila tangi ni tatizo. Watu hunionyesha lile lililo juu ya mnara wakidhani ndilo linalowakatia mtandao. Tangi lililo mita 4 juu ya ardhi haliko kwenye mstari wa mtu yeyote, labda kama rauta iko ghorofa ya pili na wewe umekaa upande wa pili wa mnara. La kuogopwa ni lile la maji ya mvua lililosimama chini, juu ya msingi wa mawe, limeegemea ukuta wa nyuma, kati ya nyumba na chumba cha nje. Kimo chake ni mita 2 na zaidi kidogo, hivyo hata rauta iliyo juu ya mlango inaishia kwenye maji.

Dalili yake haifanani na nyingine. Waifai ya chumba cha nje inakuwa mbaya baada ya mvua kubwa, halafu inaimarika polepole wakati wa kiangazi kadiri maji yanavyotumika. Watu husema mvua ndiyo imeharibu mtandao. Ili uhakikishe, pima mara mbili mahali pale pale: tangi likiwa limejaa, na likiwa limeshuka chini ya usawa wa kiuno. Tofauti ikizidi 6 au 7, basi mstari wako unapita ndani ya tangi.

Kuhamisha tangi ni kazi. Kuhamisha mstari ni rahisi. Sogeza rauta mita moja au mbili kwa ubavu na mstari mzima utatoka kwenye kivuli.

Nyumba moja ya Mamboleo

Tuichukue nyumba ya Mamboleo, Kisumu, yenye urefu wa mita 14 na kina cha mita 9. Sebule iko mbele kushoto, jikoni nyuma yake. Korido inaanzia sebuleni na kwenda kulia, vyumba viwili upande wa mbele, bafu upande wa nyuma, na chumba kikuu mwisho kabisa. Tangi la lita 5,000 limesimama nje, nyuma ya bafu. Mita 6 nyuma ya nyumba kuna chumba cha nje ambacho kijana wa chuo anasomea. Rauta iko kwenye kona ya mbele kushoto, nyuma ya tivi.

Vipimo vya mwanzo, kwa 2.4 GHz na tangi likiwa limejaa: kochi -40, chumba kikuu -76, chumba cha nje -87. Ukichora mstari wa kwenda chumba cha nje unaona kisa chote: unaanzia mgongoni mwa tivi, unapita kwenye friji jikoni, ukuta wa nyuma kwa mshazari, pembe ya tangi, kisha wavu wa alumini wa dirisha la kijana. Kila kikwazo kiko kwenye mstari mmoja.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuipeleka mwanzo wa korido, mita 1.9 juu. Usitoboe ukuta kwa ajili ya jaribio: shikilia rauta kwa waya wa muda juu ya ngazi au juu ya kabati. Kochi likawa -50, chumba kikuu -64, chumba cha nje -79. Ndani kazi ilikuwa imekwisha. Nje bado, na sababu ilionekana kwenye ramani, kwani kutoka pale mstari ulikuwa unakata ubavu wa tangi.

Ikasogezwa mita 2 zaidi ndani ya korido. Sasa mstari unapita bafuni na kutoka kando ya tangi bila kuligusa. Kochi -54, chumba kikuu -59, chumba cha nje -72. Angalia kwamba sebule imepoteza 14 tangu mwanzo na hakuna aliyelalamika, kwa sababu -54 bado ni nzuri mno. Hiyo ndiyo biashara yenyewe: unachukua ziada ya sebuleni unawapa wa vyumbani. Mwisho, wavu wa alumini wa dirisha moja ukabadilishwa kwa wa nailoni, na chumba cha nje kikafika -67. Mawimbi ya 5 GHz hayakufika huko kamwe, na hayatafika.

Hatua ya 6: Waya unafikaje koridoni

Usiuvute waya wa faiba mwenyewe. Ndani yake kuna uzi wa kioo, ukiukunja kwa pembe kali mwanga unavuja au uzi unavunjika. Mizunguko yake isiwe na upana chini ya sentimita 6. Ukihamisha kifaa na taa ya LOS ikawaka nyekundu, umeukunja au umeuchomoa. Usichungulie ncha yake.

Njia rahisi zaidi ni kuacha kifaa cha faiba pale fundi alipokiweka, kisha uvute waya wa mtandao wa Cat 6 hadi koridoni na kufunga rauta ya pili hapo. Waya huo unafanya kazi vizuri hadi mita 100, kwa hiyo mita 12 za nyumbani si kitu. Omba wa shaba tupu. Wa bei ya chini dukani mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, nao hukatika ukiukunja mara chache. Kwa nyumba ya kupanga, upitishe juu ya fremu za milango kwa klipu za msumari mdogo, na mwenye nyumba hatakuwa na neno.

Rauta ya pili iweke kwenye hali ya Access Point. Kama haina chaguo hilo, zima DHCP yake na uchomeke waya kwenye tundu la LAN, si la WAN. Halafu ingia kwenye kifaa cha sebuleni uzime waifai yake. Ukiiacha ikiwaka, simu zitang'ang'ania ile ya mbali hata zikiwa chumbani, na utadhani kazi yote ilikuwa bure.

Wanaotumia rauta ya laini ya simu wana shida ya ziada, kwa kuwa kifaa kinataka dirisha linaloelekea mnara wa simu huku nyumba ikitaka kiwe katikati. Msichague moja. Acha kifaa dirishani, juu, mbali na grili kwa nusu mita, na uvute waya ule ule hadi kwenye rauta ya pili koridoni.

Jambo moja usilifanye: kuvuta waya wa shaba kupitia hewani kutoka nyumba kubwa hadi chumba cha nje. Kanda ya ziwa, kuanzia Kisumu hadi Kisii na Kakamega, ina radi nyingi, na waya wa namna hiyo huingiza umeme kwenye rauta za pande zote mbili hata radi ikipiga mbali kidogo. Kama chumba cha nje hakifiki -70 baada ya kusogeza rauta na kubadilisha wavu, weka kifaa cha kupokea mawimbi na kuyarusha tena ndani ya nyumba kubwa, kwenye dirisha la nyuma lisilo na tangi mbele yake. Kipime mahali hapo kwanza: kikipokea -60 au zaidi kitafanya kazi, kikipokea -75 kitarusha hiyo hiyo hafifu. Na wingu likianza kunguruma kutoka upande wa Nandi, chomoa adapta ukutani.